Kanga haikai dukani: nilivyopanga kurasa za kundi na za bidhaa zionekane Google

Mzigo wa kanga haukai. Jina fulani linaingia, doti zinauzwa, na huenda lisirudi tena, kwa hiyo ukurasa wa bidhaa unazeeka haraka. Ukurasa wa kundi, ule unaokusanya kanga zote za pamba au visutu vyote, unabaki na anwani ileile mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana kwenye duka ninaloendesha kwa WooCommerce, plagini ya duka ya WordPress, nimeupa ukurasa wa kundi maneno mapana ya utafutaji, na ukurasa wa bidhaa nikauachia jina la kanga yenyewe. Kazi nyingine zote zinafuata mgawanyo huo.

Kuujua mgawanyo unaofaa duka lako, fungua Search Console, zana ya Google inayoonyesha maneno yanayoleta watu kwenye tovuti yako, ingia Performance, kisha usome orodha ya Queries. Kwangu maneno yalijigawa yenyewe. Anayeandika "kanga za jumla" au "bei ya kanga" anataka kuona nyingi kwa pamoja, kwa hiyo huyo ni wa ukurasa wa kundi. Anayeandika "kanga wema hauozi" ameshaiona kwa mtu, anaitaka hiyo hiyo, na huyo anapelekwa kwenye bidhaa. Kuna wa tatu, anayeandika "majina ya kanga". Huyo mara nyingi anatafuta maneno ya kumwandikia mtu, hanunui leo, na sijamjengea kundi.

Kuna pia tofauti za kuandika: kanga, khanga, na kwa wateja wa Mombasa, leso. Usifungue makundi matatu yenye bidhaa zilezile. Yatashindana, na Google itachagua moja ambalo pengine si lile ulilolitaka. Kundi langu ni moja, "kanga" ipo kwenye kichwa, na "khanga" na "leso" zimetajwa mara moja moja kwenye maelezo, panapoingia bila kulazimishwa.

Kichwa cha kundi ndicho cha kwanza kurekebisha. Ukitumia Yoast, plagini ya SEO inayosimamia vichwa vya kurasa, bila kugusa mipangilio, kundi linapata kichwa kama "Kanga Archives - Jina la Duka". Neno hilo la Archives halimwambii mnunuzi chochote. Badala yake niliandika "Kanga za pamba kwa doti, rejareja na jumla | Jina la Duka". Google haijaweka kikomo rasmi cha herufi, lakini kichwa kirefu hukatwa kulingana na upana wa skrini, kwa hiyo ninachokitaka kisomwe kinakaa ndani ya herufi 60 za mwanzo, na jina la duka linakuja mwisho. Maelezo mafupi ya chini ya kichwa hayapandishi nafasi. Kazi yake ni kumshawishi mtu abonyeze, na hapo ndipo pa kutaja bei inapoanzia na mnakotuma mzigo. Sehemu ya kuandika orodha ya "keywords" iache wazi. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Juu ya bidhaa niliweka aya moja ya sentensi tatu au nne: kitambaa ni pamba tupu au kimechanganywa, doti moja ni vipande viwili ambavyo havijakatwa, vipimo vya kipande, na jumla inaanzia doti ngapi. Ni yale ambayo mteja angeuliza kaunta. Wengine hurundika maneno mia nane chini ya bidhaa, yakianza na historia ya kanga pwani. Mnunuzi hayasomi, na yanaufanya ukurasa wa kuuza ufanane na makala.

Sasa vichujio, mahali ambapo duka dogo hugeuka kuwa na maelfu ya anwani bila mwenyewe kujua. Tuseme kundi lina rangi 8, aina 4 za kitambaa, na njia 6 za kupanga ambazo WooCommerce huja nazo. Ukichagua rangi moja, kitambaa kimoja na mpangilio mmoja tu, tayari kuna anwani 192 zinazoonyesha kanga zilezile:

```
/product-category/kanga/?filter_rangi=nyekundu&orderby=price
```

Roboti wa Google akizifuata zote, anachelewa kuzifikia bidhaa mpya. Dawa ya kwanza ni lebo inayotaja anwani kuu:

```
<link rel="canonical" href="https://duka.example/product-category/kanga/">
```

WordPress yenyewe huweka lebo hii kwenye kurasa za kitu kimoja kimoja, kama bidhaa, lakini haiweki kwenye kundi. Kwa kundi unahitaji plagini ya SEO. Fungua ukurasa uliochujwa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+U, tafuta neno canonical, uone linaelekeza wapi. Kwa Google lebo hii ni pendekezo, si amri, lakini kwa duka la bidhaa mia mbili tatu inatosha. Vichujio vikizidi, vifunge kwenye robots.txt, faili linalowaambia roboti wasipite wapi:

```
User-agent: *
Disallow: /*?*filter_
Disallow: /*?*orderby=
```

Usichanganye njia hizi. Ukifunga anwani kwa robots.txt, Google haiusomi ukurasa huo, kwa hiyo haiwezi kuona canonical wala noindex, lebo ya kuzuia ukurasa usiingie kwenye matokeo, uliyoiweka ndani yake. Na anwani iliyofungwa bado inaweza kujitokeza kwenye matokeo bila maelezo ikiwa kuna viungo vinavyoielekea.

Kurasa za pili na za tatu za kundi, yaani /page/2/ na kuendelea, ni habari nyingine. Zina bidhaa tofauti, kwa hiyo canonical ya kila moja itaje anwani yake yenyewe na si ya ukurasa wa kwanza. Hakikisha pia kwamba namba za kurasa ni viungo vya kweli vya href. Kitufe cha "Onyesha zaidi" kinachovuta bidhaa kwa JavaScript peke yake kinawafaa wateja, lakini Google haibonyezi vitufe, na kanga iliyojificha nyuma yake inakosa njia ya kufikiwa kutoka kwenye kundi.

Tuje kwenye bidhaa, tukichukua kanga moja. Msambazaji anaitaja kwenye orodha yake kama "Kanga design 4471 red". Hakuna anayetafuta 4471. Nimeiandika hivi: kichwa ni "Kanga Wema hauozi, nyekundu na nyeusi, doti moja", na anwani ni /product/kanga-wema-hauozi/. Maelezo yanaanza na jina kama lilivyochapwa, herufi kwa herufi, kisha pindo lina rangi na mchoro gani, mji una nini katikati, kitambaa, vipimo nilivyopima mwenyewe kwa futi kamba, na kama inatoa rangi ikifuliwa mara ya kwanza. Jina liandike kwa maandishi hata kama linasomeka kwenye picha. Usitegemee Google kulisoma kutoka kwenye kitambaa kilichokunjwa.

Maelezo ya msambazaji usiyanakili. Kila duka lililonunua kwake lina maneno hayo hayo, na Google haina sababu ya kulichagua la kwako.

Jina moja likija kwa rangi nne, tengeneza bidhaa moja yenye machaguo, si kurasa nne zinazotofautiana neno moja. Jina likibadilika, hapo fungua ukurasa mpya, hata kama mchoro ni uleule, kwa sababu mteja wa kanga hununua jina.

Bei iwe kwenye ukurasa. Ile desturi ya "bei njoo inbox" inakugharimu hapa moja kwa moja: bila bei, Google haina cha kuonyesha chini ya kichwa chako wakati duka la jirani linaonyesha bei na kama mzigo upo. WooCommerce huandika taarifa hizo ndani ya ukurasa kwa mfumo ambao mashine inausoma, na kipande kinachohusika, kwa ufupi, kinafanana na hiki:

```
"offers": {
  "@type": "Offer",
  "price": "18000",
  "priceCurrency": "TZS",
  "availability": "https://schema.org/InStock"
}
```

Bei haina mkato wa maelfu: 18000, si 18,000. Kosa linalojitokeza mara nyingi ni mandhari ya tovuti na plagini kila moja kuandika kipande chake, kimoja kikiwa na bei ya zamani. Weka anwani ya bidhaa kwenye Rich Results Test ya Google. Ukiona bidhaa hiyo hiyo imetokea mara mbili zenye bei tofauti, zima moja.

Picha nitazipitia haraka. Jina la faili liwe kanga-wema-hauozi-nyekundu.webp badala ya IMG_2093, maandishi mbadala yaeleze kinachoonekana, na picha kubwa ya kwanza isiwekewe lazy loading, yaani kucheleweshwa kupakiwa, maana ndiyo inayongojwa na mwenye simu. Google inahesabu kuwa vizuri sehemu kubwa zaidi ya ukurasa ikionekana ndani ya sekunde 2.5.

Kanga ikiisha, usiwe na mkono mwepesi wa kufuta. Kama itarudi, iache na hali ya Out of stock, na weka kiungo cha kurudi kwenye kundi. WooCommerce ina chaguo la Hide out of stock items from the catalog. Ukiliwasha, bidhaa inatoweka kwenye kundi lakini ukurasa wake unabaki bila kiungo cha kuufikia kutoka huko, kwa hiyo kwa mzigo unaorudi mimi huliacha limezimwa. Kama haitarudi lakini jina lilelile lipo kwa toleo jingine, elekeza kwa 301, yaani uhamisho wa kudumu wa anwani, kwenye toleo hilo. Kama hakuna mbadala, angalia Search Console: ukurasa ukiwa bado unaleta watu, uache na uwaonyeshe kanga zinazokaribiana, usipoleta mtu, ufute utoe 404 au 410, namba zinazosema ukurasa haupo. Kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo wa duka hakusaidii. Google inaweza kuzihesabu kama soft 404, yaani kurasa ambazo kwa kweli hazipo, na mteja aliyekuja kwa jina fulani anajikuta getini.

Anwani nayo ina mtego. Ukibadilisha anwani ya bidhaa iliyokwisha chapishwa, WordPress huikumbuka ya zamani na kuwapeleka watu kwenye mpya. Ukibadilisha ya kundi, haifanyi hivyo, na viungo vyote vya zamani vinakufa. Andika 301 yako mwenyewe kwa plagini ya kuelekeza siku hiyo hiyo, au bora uiache ilivyo.

Kukagua matokeo, narudi Performance, nabonyeza neno moja, mfano "kanga za kisutu", kisha kichupo cha Pages. Ikionekana anwani moja, ya kundi, iko sawa. Zikionekana mbili zinazopokezana, kundi na bidhaa moja yenye neno kisutu kwenye kichwa, nakifanya kichwa cha bidhaa kiwe mahususi zaidi kwa kutanguliza jina lake, na ndani ya maelezo yake naweka kiungo kinachosema "kanga zote za kisutu" kuelekea kwenye kundi. Halafu nasubiri wiki kadhaa kabla ya kugusa tena. Ukibadilisha kichwa kila siku tatu, hutajua ni badiliko lipi lililofanya kazi.