Jinsi nilivyoacha kumtajia maneno

Nikiwa darasa la sita nilipewa mtoto wa darasa la pili nimsaidie kusoma. Kila akikwama alinitazama mdomo, nami nikamtajia neno. Kesho yake neno lilelile lilimshinda tena.

Kwanza nilijifunza kunyamaza: nahesabu moyoni hadi tano. Akiwa bado amekwama, nalifunika neno kwa kipande cha karatasi, kisha nalifunua silabi moja moja. Wa-na-che-za. Kuunganisha ni kazi yake.

Kigumu zaidi ni kosa ambalo msomaji mwenyewe halioni. Siku moja alisoma "Juma alikata kwenda sokoni" bila kusita. Kitabuni ni "alikataa". Nilimwacha amalize sentensi, nikamuuliza, "Juma alifanya nini?"

"Alikata…" Akacheka. "Dada, alikata nini sasa?"

Nikamwambia arudi atazame mwisho wa neno. Akazigusa a mbili kwa kidole, akavuta sauti: "Alikataa!" Ningemkatiza mapema, asingegundua kwamba maana imeharibika.

Vitu vingine namwambia moja kwa moja. Sauti ya ng' kwenye "ng'ombe", kwa mfano, hawezi kuibuni kwa kuitazama tu.