Prufu, mistari au muundo: ninavyoamua kabla ya kutaja bei

Kila anayeniletea maandishi hapa Unguja huniambia yaleyale: "Nipitilie tu, kuna makosa madogo madogo ya herufi." Sijapata kumwona mtu akaja kusema muswada wake unataka kuvunjwa na kupangwa upya. Ndiyo maana sitaji bei mpaka nimeusoma mwenyewe. Kusoma prufu, kuhariri mistari na kuandika upya ni kazi tatu mbali mbali, na anayezitoza bei moja lazima mmoja ataumia, yeye au mteja.

Mara ya kwanza nausoma wote bila kalamu, mbio mbio, kama msomaji aliyeuokota. Baadaye narudi kwenye kurasa tatu nne za katikati na kalamu mkononi. Za mwanzo siziamini kwa kupimia, kwa sababu mwandishi huzipitia kila anapofungua faili, na hufika ya kumi na tano akiwa kachoka.

Katika kurasa hizo naangalia ninachoandika pambizoni ni cha aina gani. Kuna sahihisho: jambo ambalo wahariri wawili hawatabishana. "Wanao panda" ni "wanaopanda". Ugonjwa hauwezi kuwa na "hadhari kubwa kwa mavuno" wakati mtu amekusudia "athari". Kuna chaguo: sentensi inaeleweka, haina kosa la sarufi, ila ni nzito na mimi ningeisema vingine. Na kuna swali: mahali ambapo siwezi kurekebisha kitu mpaka mwenye kazi anijibu. Pambizo ikijaa masahihisho peke yake, hiyo ni prufu. Yakizidi machaguo, ni uhariri wa mistari. Yakianza kuongezeka maswali, hasa yale ya "hili si umeshalisema?" na "hili linakuja kabla ya lile?", basi muundo ndio mgonjwa, hata kama tahajia ni safi kabisa.

Wingi wa makosa, kwa hiyo, haunitishi. Nimewahi kupokea kurasa zilizojaa wekundu ambazo zilikuwa prufu tupu, na nyingine safi mno ambazo ilibidi zivunjwe.

Mfano mzuri ni kijitabu cha kilimo cha mwani nilicholetewa na katibu wa ushirika mmoja wa wakulima wa upande wa mashariki, kurasa kama ishirini na nne. Kilimo hiki cha biashara kimeanza huku mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kijitabu kilikuwa cha wanachama wapya. Alinipa akasema, "Maalim, mambo ni ya herufi tu, wiki ijayo tunataka tuchapishe."

Kurasa za mwanzo zilikuwa nzuri. Nilipofika katikati nikachukua karatasi nikaandika kwa kila aya mstari mmoja: aya hii inafanya kazi gani? Ni njia ya kawaida, na haidanganyi. Orodha ikatoka hivi: kukausha, historia, namna ya kufunga mbegu kwa vikamba vya taitai, bei, kukausha tena, ugonjwa unaoufanya mwani kuwa mweupe, kuvuna, kufunga kamba kwenye vigingi. Mtu anakausha kabla ya kuvuna na anavuna kabla ya kamba kufungwa kwenye vigingi. Kukausha kumeelezwa mara mbili, na mara ya pili hakukuwa na neno kuhusu mvua, ambayo ndiyo inayoharibu mwani ulioanikwa.

Kilichonimalizia shaka ni tarakimu. Ukurasa wa tano ulisema mwani huvunwa baada ya wiki sita, na wa kumi na nne ukasema mwezi mmoja. Msomaji wa prufu hawezi kuchagua hapo, na mhariri wa mistari pia hawezi. Ni swali la mwenye shamba.

Nikampigia. "Dada, wiki sita au mwezi?"

"Wiki sita ndiyo sawa, Maalim. Lakini watu wakibanwa na shida huvuna kabla."

"Basi hayo nayo yaandikwe, maana mwanachama mpya atayaona kwa jirani yake na asijue lipi alifuate."

Nikamweleza kazi yenyewe, na kwamba kama nikianza na herufi nitasafisha aya ambazo kesho nitazitupa. Hilo la kutolipia kitu mara mbili ndilo lililomwingia zaidi kuliko mahubiri yangu kuhusu mpangilio. Tukakubaliana kusogeza tarehe ya uchapaji.

Muundo mpya sikuutoa kichwani. Wakulima wa mwani huenda shambani maji yakitoka sana, siku za bamvua, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Ukihesabu kutoka bamvua ya kupanda, wiki sita ni bamvua tatu mbele. Kijitabu kikajipanga chenyewe: bamvua ya kupiga vigingi, kufunga kamba na mbegu, bamvua mbili za katikati za kusafisha, kukaza kamba na kutazama dalili za ugonjwa, kisha ya kuvuna na kuanika. Historia ikawa nusu ukurasa mwanzoni, bei ikaenda mwisho. Vichwa vya mada viliondoka vyote, na aya zilizorudiwa zikapungua zenyewe kwa kuwa kila kitu kilikuwa na siku yake. Maswali yaliyobaki nikayapeleka pamoja, si moja moja, na katibu akayajibu akiwa na wakulima wenzake.

Hapo ndipo ilipofika zamu ya mistari. Rasimu ilisema: "Katika suala zima la ukaushaji wa mwani, ni muhimu kwa mkulima kuweza kuhakikisha kwamba mwani unaanikwa katika sehemu ambayo haina mchanga." Ikawa: "Anika mwani juu ya chanja, mbali na mchanga." Angalia kwamba hakuna kosa lolote katika ile ya kwanza; mtu wa prufu angeiacha, na angekuwa na haki. Lakini sentensi kama hizo zikiwa tatu kwenye kila ukurasa, msomaji mwenye kamba mkononi hatafika mwisho.

Prufu ikawa ya mwisho, baada ya kurasa kupangwa na picha kuwekwa, nayo ilikuwa ya kazi kweli: maelezo ya picha mbili yalikuwa yamebadilishana mahali, ya mwani wa aina ya spinosamu yako chini ya picha ya aina ya kotoni. Kosa hilo halikuwapo kwenye rasimu, limezaliwa mezani kwa mpangaji kurasa. Ndiyo sababu prufu siifanyi kwenye rasimu, hata ikiwa safi.

Yapo maandishi ambayo muundo wake ni mbaya na siugusi. Kumbukumbu za kikao hufuata mwendo wa kikao, hata kama ajenda ya fedha iliingia kati ya dua na chai. Ushahidi wa mtu, barua ya malalamiko, wasia: hapo ni prufu tu, na hata hiyo kwa hadhari. Na akija mtu ambaye kiwanda cha uchapaji kinamsubiri kesho asubuhi, simwandikii upya usiku. Naondoa palipojirudia, nasogeza kipande kimoja kinachomkwaza zaidi msomaji, naondoa tarakimu zinazogombana, kisha namwandikia kwa maneno nini nimefanya na nini nimekiacha, ili toleo la pili asiniletee tena akiniambia ni herufi tu.