Kumbukumbu ya mradi wangu: kalori za slesi moja ya mkate wa nyumbani

Machi

Mradi huu una swali moja tu, nalo ni slesi moja ya mkate ninaouoka mwenyewe ina kalori ngapi. Mkate wa dukani huwa na maelezo kwenye mfuko wake, lakini huu wa unga, hamira, sukari na mafuta hauna karatasi yoyote, na watu wawili hapa nyumbani wanahesabu wanachokula kwa maelekezo ya mtaalamu wa lishe. Nimeamua kwamba sitakopa takwimu ya mkate wa mtu mwingine, kwa sababu kijiko kimoja cha mafuta kinatosha kuibadilisha.

Kazi ya mwezi huu imekuwa kuacha vikombe na vijiko na kuhamia kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mafundi wengi wa mikate tuliofundishwa nyumbani tunapima unga kwa kikombe, na kwa kuoka kipimo hicho kinatosha, kwa kuwa mkono unaokanda hujua donge likiwa gumu au laini na hurekebisha kwa maji. Kwa hesabu ya kalori hakitoshi. Kikombe cha unga uliochekechwa na kumiminwa taratibu kinaweza kuwa na gramu 120, na kikombe kilekile kikichotwa moja kwa moja ndani ya mfuko huku unga ukishindiliwa kinaweza kufika gramu 150. Katika vikombe vinne tofauti hiyo ni gramu 120 za unga, yaani takriban kalori 437, ambazo zikigawanywa kwa slesi 16 zinaongeza kalori 27 katika kila slesi bila mpishi kuona tofauti yoyote kwa macho.

Mafuta nayo nayapima kwa gramu wala si kwa mililita, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, na majedwali ya vyakula hutoa kalori kwa uzito. Bakuli huwekwa juu ya mizani, mizani hurudishwa kwenye sifuri, kisha mafuta humiminwa hadi kiasi kinachotakiwa kifike. Kijiko cha mezani kilichojaa sawasawa kina kalori kama 120, kwa hiyo anayemimina kwa kukadiria anacheza na namba kubwa kuliko anavyofikiri.

Aprili

Sasa nina kiwango cha kudumu cha mkate mmoja, ambacho sitakibadilisha mpaka hesabu itulie: unga mweupe wa ngano gramu 500, maji gramu 300, mafuta ya alizeti gramu 35, sukari gramu 30, chumvi gramu 8 na hamira kavu gramu 7. Kwa kalori nimetumia takwimu za jedwali la Idara ya Kilimo ya Marekani, ambazo kwa kila gramu 100 ni 364 kwa unga mweupe, 884 kwa mafuta, 387 kwa sukari na 325 kwa hamira kavu. Tanzania ilitoa majedwali yake ya vyakula mwaka 2008 na Kenya mwaka 2018, na mwenye nakala anaweza kuyatumia. Jambo la msingi ni kwamba pakiti ya unga ikiwa na maelezo yake, hayo ndiyo yatangulie jedwali lolote. Ila asomaye pakiti aangalie kipimo kilichoandikwa, kwa sababu nyingine huonyesha kilojuli kwanza, na unga ulioandikwa kilojuli 1,520 hauna kalori 1,520. Namba hiyo hugawanywa kwa 4.184, na jibu ni kalori 363.

Hesabu ya bakuli ni hii. Unga unatoa kalori 1,820, mafuta 309, sukari 116 na hamira 23. Maji na chumvi havitoi chochote. Jumla ni kalori 2,268 kwa mkate mzima. Inafaa kuitazama jumla hiyo kwa utulivu, kwa maana watu wengi huilaumu sukari, ilhali hapa sukari ni sehemu ndogo kabisa na unga ndio umebeba sehemu nne kwa tano za mzigo, yaani kama 80 kati ya kila kalori 100. Hamira ni kidogo mno kiasi kwamba anayeisahau hapotezi hata kalori mbili kwa slesi.

Kuna unga na mafuta yanayoingia kwa mlango wa nyuma, yaani unga wa kunyunyiza mezani na mafuta ya kupaka kwenye tini. Badala ya kuyapima baadaye, nayachukua kutoka kwenye gramu 500 na gramu 35 zilizokwisha pimwa. Natenga unga mkono mmoja kabla ya kuanza kukanda, nao huisha mezani na mikononi mwangu, kisha donge huufuta wote. Brashi ya tini huchovywa katika bakuli lilelile la mafuta. Kwa njia hiyo hakuna kinachoingia kwenye mkate bila kuwa kimeandikwa, na bakuli hukwaruzwa vizuri ili donge lisibaki pembeni.

Mei

Mwezi huu ndio wa kugawanya, na hapa ndipo hesabu nyingi za mkate wa nyumbani zinapopotea. Donge langu lina uzito wa gramu 880, ambao ni jumla ya vitu vyote. Mkate ukitoka ovenini una gramu 790, na baada ya kupoa juu ya waya kwa saa mbili una gramu 775. Gramu 105 zilizopungua karibu zote ni maji yaliyotoka kama mvuke, na maji hayakuwa na kalori. Kwa hiyo kalori 2,268 zimebaki zilezile ndani ya mkate mwepesi zaidi, na kila gramu ya mkate sasa ina kalori nyingi kuliko gramu ya donge.

Mtu akigawanya kwa uzito wa donge atapata kalori 2.58 kwa gramu, na slesi ya gramu 48 ataiandika kuwa ina kalori 124. Akigawanya kwa uzito wa mkate uliopoa atapata 2.93, na slesi ileile itakuwa na kalori 140. Njia ya kujua ipi ni sahihi haihitaji maabara: zidisha uzito wa mkate wote kwa kiwango ulichopata na uone kama unarudi kwenye jumla ya bakuli. Gramu 775 mara 2.58 ni kalori kama 2,000, maana yake kalori zaidi ya 260 zimetoweka kwenye karatasi ingawa zipo mezani.

Hamira nayo hula sukari donge linapoumuka, ikatoa gesi na kileo, na vyote viwili huondoka ovenini. Nimeliangalia hilo kwa makusudi nione kama linastahili safu yake katika daftari. Hata nikichukulia kwamba gramu 10 za sukari zimeliwa zote, nazo ni nyingi kwa donge linaloumuka kwa saa chache, ni kalori 39 kwa mkate mzima na hazifiki tatu kwa slesi. Nimeliacha.

Katika jedwali la kompyuta nimeweka jumla ya kalori kwenye kisanduku B7, uzito wa mkate uliopoa kwenye B8 na uzito wa slesi kwenye B9, halafu jibu linapatikana kwa mstari huu mmoja:

```
=ROUND(B7/B8*B9,0)
```

Juni

Mkate umekatwa slesi 16 kwa kisu cha meno, na wastani wake ni kalori 142. Wastani huo ni wa kweli kwa mkate, lakini si wa kweli kwa sahani. Kipande cha mwisho upande mmoja kilikuwa na gramu 31, sawa na kalori 91, na slesi moja ya katikati, pale mkate ulipoumuka juu zaidi na kisu kikaenda mshazari, ilikuwa na gramu 60, sawa na kalori 176. Anayekula slesi mbili nene kama hiyo kwa chai amekula kalori 351, huku daftari la wastani likimwandikia 284. Kuhesabu kwa idadi ya slesi kunafaa pale tu mtu mmoja anapoula mkate wote mwenyewe, kwa sababu nene na nyembamba hufidiana. Watu wakiwa wengi, kila mmoja apime slesi yake.

Kipande cha mwisho kina ganda nyingi, na ganda ni kavu kuliko nyama ya ndani ya mkate, kwa hiyo gramu yake ina kalori zaidi kidogo ya wastani. Kwa gramu 31 tofauti hiyo ni ya kalori chache tu, na mizani yangu haiwezi kuitenganisha. Ndiyo maana majibu nayaandika kwa kuyakaribisha kwenye tano: 90, 140, 175.

Mpwa wangu, aliyepewa kazi ya kupima slesi zake mwenyewe, alikuja na swali ambalo lilistahili kuingia humu. “Mjomba, hii niliyoichoma imepungua uzito. Kalori nazo si zimepungua?” Slesi yake ilikuwa gramu 48 kabla ya kuchomwa na gramu 42 baadaye. Kilichotoka ni maji, kwa hiyo bado ni kalori 140, na akizidisha gramu 42 kwa kiwango kilekile atapata 123, ambayo si kweli. Sheria tuliyoiandika kwenye mlango wa kabati ni kwamba slesi hupimwa kabla ya kuchomwa, na siagi hupimwa peke yake.

Mkate uliolala una habari inayofanana na hiyo, ila kwa kiasi kidogo. Nusu iliyobaki ilikuwa gramu 400 jioni na gramu 388 asubuhi, ikiwa imefunikwa kwa kitambaa. Kiwango kinapanda kutoka 2.93 hadi 3.02, na slesi ya gramu 48 inaongezeka kwa kalori nne hivi. Kwa siku moja sijisumbui. Mkate ukifika siku ya tatu hupima upya kilichobaki, kwa sharti kwamba nilipima pia kilichobaki mara ya mwisho nilipokata.

Julai

Nimejaribu unga wa ngano usiokobolewa kwa kiwango kilekile, wenye kalori 340 kwa gramu 100. Bakuli limeshuka kwa kalori 120, ambazo ni saba au nane kwa slesi. Nyuzinyuzi zake ni nyingi zaidi na hiyo ni sababu nzuri ya kuutumia, lakini asiyetaka kupima asidhani rangi ya kahawia imemruhusu slesi ya ziada.

Jaribio linalofuata ni la tui la nazi badala ya maji, na litabadilisha hesabu kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu kipengele kilichokuwa sifuri sasa kina mafuta. Tui la kopo lenye kalori 197 kwa gramu 100 likiingia gramu 300 linaongeza kalori 591, yaani 37 kwa kila slesi kati ya 16. Tui la kukamua nyumbani halina maandishi, na la kwanza si sawa na la pili, kwa hiyo nitaanza na la kopo na kupunguza mafuta ya alizeti hadi gramu 10, nione kama mkate bado unakatika vizuri.