Nilivyorusha mashindano ya mashua redioni kwa simu

Kituo chetu cha redio ya jamii hakina gari la matangazo ya nje, kwa hiyo mashindano ya mashua wakati wa Maulidi pale Lamu niliyarusha kwa simu. Data inayoliwa ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mazungumzo, mono ya kilobiti 48 kwa sekunde inatosha, yaani kama megabaiti 22 kwa saa.

Shida ni kasi ya kupakia. Asubuhi ufuko ukiwa mtupu mtandao ulikuwa safi, lakini watu walipojaa na kila mmoja anatuma video, kasi ikaanza kupanda na kushuka. Nikapima upya hapo hapo kwa laini za kampuni mbili, nikachagua iliyotulia hata kama nyingine ilikuwa ikigusa namba kubwa zaidi. Laini hiyo niliitia kwenye simu ya pili iwe hotspoti, na namba yake sikumpa mtu, kwani kwenye baadhi ya mitandao simu ikiita data hukatika. Simu ya kutangazia niliiweka hali ya ndege, nikawasha Wai-Fai peke yake. Nilizima pia kibana betri, maana skrini ikizimika kinaweza kuifunga programu ya kutangazia. Humo nilijaza nilivyopewa na fundi wa studio: anwani ya seva ya Icecast inayopokea sauti mtandaoni, mlango 8000, jina la njia `/live` na nywila.

Maikrofoni ilikuwa ile ndogo ya kubana kwenye kola. Itazame plagi yake: ya simu ina pete nyeusi tatu. Yenye mbili ni ya kamera, na simu haitaitambua bila adapta. Hata ikiingia sawa, ikwaruze kwa ukucha huku unarekodi. Mkwaruzo usiposikika kwa nguvu, simu bado inatumia maikrofoni yake ya ndani.

Kusi lilikuwa likivuma, na sponji peke yake halikufua dafu. Nilivisha kifuniko cha manyoya juu yake, nikaupa upepo mgongo. Kisha nikapiga kelele kama mashua zinafika mwisho, nikipunguza kiwango cha maikrofoni hadi kipimo kikaacha kugusa nyekundu. Sauti ikishapasuka kwenye simu, studio haiwezi kuirekebisha.

“Mwanangu, nakupata vizuri, ila usijisikilize redioni,” fundi alimwambia mwenzangu kwa simu ya kawaida, naye akanifikishia. Sauti yangu ilikuwa ikitoka hewani imechelewa sekunde kadhaa, na ukiisikia sikioni ulimi unakwama. Kwa hiyo zamu zote tulipokezana kwa ishara: fundi anahesabu kwenye ile simu, mwenzangu ananihesabia kwa vidole, nami naanza kidole cha mwisho kikishuka.