Vidonge viwili kwa chai moja

Namba ya virusi vya UKIMWI katika damu yangu iliandikwa kwa peni ya bluu kwenye kadi yangu: 2,310. Mimba ilikuwa na wiki 24. Mstari wa juu yake, wa wiki ya 12, ulisomeka "chini ya 50", na miaka mitatu nyuma ilikuwa hivyo hivyo kila nilipopimwa. Yaani kutoka virusi visivyoonekana hadi nakala 2,310 kwa kila mililita ya damu, na huku natumia dawa ile ile, kidonge kile kile kimoja chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir.

Muuguzi kijana aliyenipa majibu alishusha sauti. "Mama, dawa unameza kweli?"

Nikamwambia nameza. Akaniangalia kwa jicho lile ambalo kila anayekwenda CTC, kliniki ya wenye VVU, analijua, kisha akanipangia ushauri nasaha wa ufuasi: nirudi kila mwezi nihesabiwe vidonge na kuulizwa ninavyoishi. Nilitoka pale nimekasirika. Mimi ni mtu wa kopo na saa tangu 2020. Nauza dagaa mwaloni Igombe, na hata siku za giza, mitumbwi inapoingia alfajiri na hakuna aliyelala, sijawahi kuiacha dawa kwa sababu ya kazi.

Ila ngoja niseme ukweli wote, maana baadaye ndio uliosaidia.

Kabla ya mimba nilikuwa nameza saa tatu usiku. Mimba ilipofika kama wiki ya 14 usingizi ukakata. Nalala saa nne, saa saba macho makavu, na nikipitiwa tena naota ndoto kali mpaka mume wangu ananiamsha. Niliambiwa kliniki kwamba dolutegravir huwafanyia hivyo baadhi ya watu, na mara nyingi dawa ya hali hiyo ni kuhamishia kidonge asubuhi. Nikahamia saa moja asubuhi. Ndani ya wiki moja hivi ndoto zikapungua, nikalala. Kwa hilo sina lawama, ushauri ulikuwa sahihi.

Tatizo ni kwamba asubuhi yangu ya wakati ule haikuwa na chakula. Uji nikiunusa tu natapika, kiporo vivyo hivyo. Kilichokuwa kinapita ni chai ya rangi. Basi nikawa nameza kidonge kwa chai. Na kwa kuwa kliniki ya wajawazito walikuwa wamenipa vile vidonge vya kuongeza damu, fefo, nikaona niviunganishe ili nisisahau. Viwili kwa chai moja, kila siku, saa moja kamili. Nilijiona hodari kabisa. Kiungulia kikinishika katikati ya asubuhi, natafuna na vile vidonge vyeupe vya kiungulia vinavyouzwa duka la dawa.

Mwezi uliofuata nilihudumiwa na muuguzi mwingine, mama mtu mzima ambaye huwaita wanawake wote mayu. Alimwaga vidonge vyangu kwenye sahani, akahesabu mwenyewe. Nilipewa kopo la vidonge 90, na zilikuwa zimepita siku 63. Vilitakiwa vibaki 27. Vilikuwa 29.

"Hivi viwili vya lini, mayu?"

Vya Ukerewe. Tulikwenda msibani Nansio ukweni, nikabeba vidonge viwili kwenye kikaratasi, nikijua tutalala siku mbili. Tukalala nne. Kopo nililiacha nyumbani kwa sababu linalia, na mama mkwe hajui hali yangu. (Wapo wanaohamishia vidonge kwenye kichupa cha kawaida ili visipige kelele. Muuguzi alinikataza: kopo lina kile kipakiti cha kukausha unyevu, na vidonge vinatakiwa vikae humo humo. Aliniambia nitie pamba juu, kelele inakwisha.)

Nilitegemea aseme, haya, tumempata mwizi. Hakusema. Alisema siku mbili kati ya 63 hazitoshi kueleza namba kama ile kwa mtu aliyekuwa chini ya 50. Akaniuliza kama natapika. Nikasema ndiyo, ila kidonge nimekiona kimetoka mara moja tu, kabla ya kopo hili, na siku ile nilimeza kingine kama nilivyofundishwa, kwa kuwa ilikuwa haijapita saa moja. Akaandika. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Hebu niambie, asubuhi unakimezaje? Unaanza na nini, kinafuata nini?"

Nikamwambia. Chai, kidonge, na fefo.

Akaweka peni chini.

Alivyonieleza ni hivi. Madini ya chuma yaliyo kwenye fefo hushikamana na dolutegravir ndani ya tumbo. Vikishashikamana, dolutegravir hiyo haipenyi utumbo kuingia kwenye damu, inapita na choo. Tumbo likiwa tupu, vikimezwa pamoja, dolutegravir inayoingia mwilini hupungua karibu nusu. Kalsiamu nayo hufanya hivyo, na dawa za kiungulia zenye magneziamu au aluminiamu vilevile. Zile dawa nyingine mbili ndani ya kidonge, tenofovir na lamivudini, haziguswi. Kwa hiyo mtu unameza kidonge kizima, lakini virusi vinapigwa na mbili na nusu badala ya tatu. Na ukiwa mjamzito, hasa miezi ya mwisho, kiwango cha dolutegravir kwenye damu hushuka chenyewe kidogo. Kushuka huko peke yake hakudhuru, dozi ya kawaida inatosha. Ukiongeza na chuma kwenye tumbo tupu, na siku mbili za Nansio, ndipo mambo yanapoharibika.

Ndiyo maana hesabu ya vidonge ilikuwa karibu sawa na virusi bado vikapanda. Kidonge kilifika tumboni, dawa haikufika kwenye damu.

Nikamwambia basi fefo naiacha. Akakataa katakata. Damu yangu ilikuwa pungufu, 9.4, na akaniuliza kama nakula udongo. Nikacheka, maana pemba ilikuwa kwenye mkoba wangu wakati ule ule. Akasema huo nao unachangia kuishusha damu, niuache, na fefo niendelee nayo hadi baada ya kujifungua.

Alinipa njia mbili. Ya kwanza ni kumeza vyote pamoja lakini na chakula chenyewe, si chai tupu. Kukiwa na chakula, chuma na dolutegravir vinaweza kumezwa kwa pamoja bila hasara. Lakini ruhusa hiyo haiihusu dawa ya kiungulia: hiyo ikae mbali hata kama umekula. Njia ya pili ni kuvitenganisha kwa saa: kidonge cha ARV kitangulie saa mbili kabla ya chuma au dawa ya kiungulia, au kije saa sita baada yake.

Nilichagua ya pili, kwa sababu chakula cha asubuhi sikuwa nakiamini. Leo nimekula, kesho nimetapika, na mpango unaotegemea tumbo la mjamzito si mpango. Kidonge kikabaki saa moja asubuhi. Fefo ikahamia saa mbili usiku baada ya ugali. Kati ya kidonge na fefo zinapita saa 13, na kati ya fefo na kidonge cha kesho saa 11. Hata mtumbwi ukichelewa, hata nikisahau nikamezea saa nne usiku, bado ziko saa tisa mbele yangu. Kiungulia kwa bahati nzuri kilikuwa kimehamia usiku, kwa hiyo dawa yake ikaungana na fefo. Asubuhi nilijiwekea sheria: mpaka saa nne, hakuna kitu kingine cha dukani kinaingia mdomoni.

Vidonge vya asubuhi, humo humo kwenye kopo lake, vikakaa kabatini ndani ya kopo kubwa la majani ya chai, fefo ikakaa jikoni karibu na chumvi. Sikutaka tena vionane. Na kwenye simu nikaweka kengele mbili, ya asubuhi nikaiita "Chai", ya usiku "Damu".

Huyo mama alinieleza pia kwa nini alikuwa na haraka. Kipimo kinachotazamwa sana ni cha karibu na kujifungua, wiki ya 34 hadi 36. Kikiwa juu ya 1,000, mtoto anahesabiwa yuko kwenye hatari kubwa, anaanzishiwa dawa mbili na kwa muda mrefu zaidi. Kikiwa kimeshuka, anapewa dawa ya nevirapini peke yake kwa wiki sita. Mimi wakati ule nilikuwa nimefika wiki ya 28. Dawa hii, ikiingia mwilini ipasavyo, huvishusha virusi haraka, wiki chache tu. Ila lazima iingie.

Wiki ya 34 nilitolewa damu tena. Majibu yalichukua siku 12, na hizo siku 12 ndizo ngumu kuliko mimba yote. Mume wangu alikuwa anajua kila kitu, yeye ni mzima, na usiku mmoja alikaa na ile kadi mkononi kama anayesoma barua. Namba ilikuja 71. Si "chini ya 50", na nilinung'unika, lakini muuguzi alinicheka: kutoka 2,310 hadi 71 ndani ya wiki sita, unataka nini tena?

Mtoto alizaliwa wiki ya 39, kilo 3.1. Nevirapini ya maji, mililita moja na nusu kwa bomba dogo, kila siku kwa wiki sita, na maziwa yangu tu bila hata maji. Wiki ya sita wakamtoboa kisigino, matone ya damu kwenye karatasi, na siku hiyo akaanza septrini. Majibu: hana. Atapimwa tena akiwa na miezi tisa, na mara nyingine akifika miezi 18 na kunyonya kumekwisha, kwa hiyo bado namba yangu ni namba yake. Nilipimwa tena nikiwa nanyonyesha, nikarudi chini ya 50.

Mama mkwe alikuja kumwona mjukuu, akakaa wiki mbili. Asubuhi ya kwanza simu ikalia, akaiokota, akasoma. "Mkwe wangu, kumbe wewe unakumbushwa hadi chai?" Akaenda kubandika sufuria. Nikaingia chumbani, nikafungua kopo lenye pamba, nikameza kwa maji, nikatoka kunywa chai yake.