Mpira wa rede uliokuwa mzito saa 3 usiku

Nilimaliza kidato cha nne Novemba 2023, na tangu hapo jioni zangu zinategemea begi la shangazi. Akirudi kutoka kazini hadi Mbagala tunakoishi, miezi ile ya mgao wa umeme mara nyingi alikuta nyumba ina giza. Namsalimia, namtengea chakula, kisha ananikabidhi laptopu kwa masharti mawili: nisiingize programu yoyote, kwa sababu ni ya kazi, na betri ikifika asilimia 10 nizime. Asubuhi anaondoka nayo. Kwa hiyo kila usiku nanakili faili langu kwenye flashi kabla ya kitu kingine chochote.

Bila kuingiza programu mtu anabaki na Notepad na kivinjari, na kwa gemu ya kwanza hivyo viwili vinatosha kabisa. Faili moja la HTML, ndani yake `canvas` ya kuchorea na JavaScript ya kuendesha mambo. Maelezo niliyasoma kwenye kurasa za tovuti ya MDN nilizozihifadhi kwenye simu wakati nina bando, kwa hiyo umeme ukikatika sihitaji mtandao.

Niliamua kutengeneza rede. Kila msichana aliyekulia mitaa yetu anaijua: wawili wanarushiana mpira wa kufungwa kwa soksi na mifuko, mmoja yuko katikati anakwepa, na chupa tupu iko miguuni pake aijaze mchanga. Ukiguswa na mpira umetoka. Kinachonivutia ni ile tamaa ya mchanga: ukiinama kujaza huwezi kukwepa, ukikwepa chupa haijai. Nikaihamishia kwenye skrini hivyo hivyo. Mshale wa juu, msichana anaruka. Ukibonyeza kitufe cha nafasi anajaza, na akiwa anajaza haruki.

Mpira niliusogeza kama masomo mengi ya mwanzo yanavyofundisha, hatua moja kwa kila fremu:

```js
mpira.x = mpira.x + 6;
```

Fremu ni picha moja. Kivinjari kinachora picha, kinaifuta, kinachora nyingine, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde, na jicho linaona mwendo. Hatua ya pikseli 6 mara 60 ni pikseli 360 kwa sekunde. Uwanja wangu una upana wa pikseli 720, kwa hiyo mpira unavuka kwa sekunde 2. Mdogo wangu wa kiume alicheza akashindwa, akacheza tena akashindwa, na mimi nikafurahi kwamba ni ngumu kama ya uwanjani.

Lakini usiku ukienda, gemu ilikuwa inalegea. Tukianza saa 1 anatolewa haraka. Ikifika saa 3 anajaza chupa mbili bila kuguswa, na anajigamba. Nilidhani amezoea. Nikacheza mwenyewe nikaona kweli mpira umekuwa mzito: unakuja polepole, una muda wa kuutazama na kuamua. Msimbo ulikuwa ule ule, sijagusa hata herufi.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa joto, kwa kuwa kompyuta ikipata moto inapunguza kasi. Niliikalisha juu ya tofali mbili ipate hewa chini, haikusaidia. Ndipo nikaandika mistari michache ya kuhesabu fremu na kuonyesha idadi yake kwenye kona ya skrini kila sekunde. Mwanzoni mwa jioni ilisoma 60, wakati mwingine 59. Tukacheza huku naikodolea macho ile kona. Betri ilipofika asilimia 20, namba ikashuka mara moja hadi 30 na ikakaa hapo hapo. Haikuyumba. Joto lingeishusha kidogo kidogo na kuipandisha tena. Namba inayokatika nusu kamili na kutulia ni uamuzi wa mtu, au wa programu.

Shangazi alikuwa anapita na taa ya sola kuelekea jikoni. Nikamwonyesha. Akasema, "Betri ikiwa ndogo si hata mwanga wa skrini unapungua, mwanangu? Inajibania." Nikafungua mipangilio ya Chrome na kweli ipo: Energy Saver, inajiwasha betri inapofika asilimia 20, na moja ya njia zake za kubana ni kuchora picha chache kwa sekunde.

Hesabu yenyewe sasa inaonekana. Hatua ya 6 mara fremu 30 ni pikseli 180 kwa sekunde, na mpira unavuka uwanja kwa sekunde 4 badala ya 2. Mchanga nao ulikuwa unaongezwa kwa kila fremu, kwa hiyo chupa nayo ilijaa kwa nusu ya kasi. Kila kitu ndani ya gemu kilipungua kwa kipimo kile kile. Vidole na macho ya mdogo wangu havikupungua, ndiyo maana alishinda. Nililifikiria hilo usiku kucha: mgao ulikuwa umeingia hadi ndani ya uwanja wangu wa rede na kugusa mwendo wa mpira.

Dawa yake ni kuacha kuhesabu fremu na kuhesabu muda. Kivinjari kinapoita kazi ya kuchora, kinaipa saa iliyopo kwa milisekunde. Ukiondoa saa ya fremu iliyopita unapata muda uliopita, ambao nimeuita `dt`, na mpira unasogezwa kulingana na muda huo:

```js
let mwisho = 0;
function chora(sasa) {
  let dt = (sasa - mwisho) / 1000;
  mwisho = sasa;
  mpira.x = mpira.x + 360 * dt;
  requestAnimationFrame(chora);
}
requestAnimationFrame(chora);
```

Fremu zikiwa 60, kila moja inabeba pikseli 6. Zikiwa 30, kila moja inabeba 12. Kwa sekunde moja ni 360 kote kuwili. Mchanga wa chupa nikaurekebisha vivyo hivyo.

Usiku ule betri ilipovuka asilimia 20 mpira haukulegea. Ila msichana sasa alikuwa anaelea. Akiruka, anakaa hewani muda mrefu, mpira unapita chini yake na kufika mwisho wa uwanja, yeye bado hajashuka. Kuruka nilikuwa sijakugusa. Kulikuwa bado kwa fremu. Anaanza na kasi ya 12 kwenda juu, na kila fremu uvutano unapunguza 0.6. Inachukua fremu 20 kasi kuisha na 20 nyingine kurudi chini, jumla 40. Kwa fremu 60 hiyo ni theluthi mbili za sekunde. Kwa 30 ni mara mbili yake. Nusu ya dunia ilikuwa inafuata saa na nusu inafuata fremu, na hali hiyo ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu ile ya kwanza angalau ilikuwa inalegea kwa pamoja.

Nikabadilisha. Kasi ya 12 kwa fremu nikaizidisha mara 60, nikapata 720 kwa sekunde. Uvutano wa 0.6 nikauzidisha mara 60, nikapata 36. Nikabonyeza mshale, msichana akapaa akatoka juu ya skrini, tukamsubiri. Mdogo wangu akauliza, "Dada, ameenda wapi?" Betri ilikuwa imefika 10, nikazima.

Jibu lililokuja baadaye kwenye kauntabuku, kwa tochi ya simu, lilitoka kwenye fizikia ya kidato cha pili. Kasi ni mita kwa sekunde. Mchapuko, yaani kasi inavyobadilika, ni mita kwa sekunde, kwa sekunde. Sekunde inaingia mara mbili. Basi uvutano wa kwa fremu unatakiwa kuzidishwa na 60 mara mbili: 0.6 mara 60 mara 60 ni 2,160. Nikajaribu kwa kalamu. Mara 2 ya 720 ukigawa kwa 2,160 unapata theluthi mbili za sekunde, muda ule ule wa hewani. Urefu wa kuruka: 720 mara 720, ugawe kwa mara 2 ya 2,160, ni pikseli 120, karibu sawa na urefu wa zamani. Kwa 36 angefika pikseli 7,200 na kushuka baada ya sekunde 40. Hatukumsubiri vya kutosha tu. Jioni iliyofuata niliandika 2,160 na akaruka kama mtu.

Kulibaki kasoro moja inayotokana na kufunika gemu. Shangazi akiomba aangalie kitu, nafunika gemu kwa dirisha lingine, na kivinjari kinaacha kuchora ukurasa usioonekana. Nikirudi baada ya sekunde 40, `dt` ni 40, na mpira unaruka pikseli 14,400 kwa mkupuo mmoja. Mstari mmoja chini ya hesabu ya `dt` unatosha:

```js
if (dt > 0.05) dt = 0.05;
```

Muda wowote mrefu unahesabiwa kama sehemu ya ishirini ya sekunde. Gemu inasimama pale mtu alipoiacha, na kwa rede ndivyo inavyotakiwa, maana hakuna anayerusha mpira mwenzake akiwa ameitwa ndani.

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulianza kuzalisha umeme, na jioni zenye umeme zikaongezeka. Bado najaribu kila toleo mara mbili, kwenye chaji na chini ya asilimia 20. Wiki hii mdogo wangu anadai mpira wa kasi 1,200. Kwa fremu 60 unasonga pikseli 20 kila mara na mguso unaonekana. Kwa fremu 30 unasonga 40. Msichana ana upana wa pikseli 24 na mpira wenyewe 12, jumla 36, kwa hiyo unaweza kuwa kushoto kwake kwenye fremu moja na kulia kwenye inayofuata, bila kumgusa popote. Nafikiria kuigawa kila hatua vipande viwili na kupima mguso kwenye kila kipande. Shangazi amesafiri hadi Jumatatu na laptopu yake, kwa hiyo kwa sasa naandika msimbo huo kwa kalamu.