Karatasi ya Baba

Jana mwanangu alikuwa akitafuta penseli kwenye droo, akaibuka na kipande cha karatasi chenye selotepu iliyogeuka manjano. "Mama, hii ni paswadi ya wapi?" Niliutambua mwandiko hata kabla sijakishika. Wa Baba, herufi kubwa, wino wa bluu.

Baba alitutoka mwezi wa Machi. Intaneti ya nyumbani ilikuwa kwa jina lake, na kila tarehe 5 bili ya Sh2,900 iliingia kwenye simu yake: "Mpendwa mteja." Mama ndiye aliyekuwa akiichaji ile simu. Kaka alitaka tufunge na laini pia, nikamkatalia, maana meseji za benki zilikuwa bado zinaingia humo.

Barua ya kwanza niliiandika mwishoni mwa Mei, usiku, nikitaka tu iishe. "Tunaomba kusimamisha huduma." Nikaambatisha kibali cha mazishi. Wakasimamisha kweli, siku thelathini, kama vile mwenyewe amesafiri. Kisha bili ikarudi.

Ya pili niliiandika taratibu. Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya akaunti, tarehe ya kifo, halafu: "Tunaomba mfunge akaunti hii kabisa kuanzia tarehe hiyo." Safari hii nilikuwa na cheti cha kifo; kile kibali ni cha kuzikia tu. Nikaandika kwamba deni halali litalipwa kutoka mali ya marehemu, nikatia sahihi kwa niaba ya familia ili deni lisije likawa langu. Nikatoa nakala mbili, moja yao, moja ya kunigongea muhuri wa kupokea.

Nikapanda matatu hadi tao, ruta nimeipakata.

Binti wa kaunta aliisoma barua yote. "Pole sana, dada." Akaipindua ruta kutafuta namba yake, akakuta karatasi ya Baba imeifunika. Akaanza kuibandua kwa ukucha. Nikasema, "Ngoja." Akanisogezea. Nilianzia pembeni, kidogo kidogo, selotepu ikitoka na vumbi la ukuta wa sebuleni kwetu, naye akasubiri, na foleni nyuma yangu ikasubiri. Herufi zote zilitoka nzima.

Kisha akageuza skrini nione. "Lakini Aprili na Mei huduma ilitumika."

Ilitumika, ndiyo. Mama alikuwa akitazama video ya mazishi kila jioni. Tarehe ya kifo niliyoiandika kwa uhakika ule haikuwa na jibu kwa hilo. Tukalipa miezi miwili, mingine wakaifuta, nikagongewa muhuri. Amana ya Sh2,000 wakasema wataitoa kwa msimamizi wa mirathi mwenye hati ya mahakama. Hatujaifuata hadi leo.

"Ni ya kwa Babu," nikamwambia mwanangu.

"Bado inafungua?"

Nikamwomba airudishe kwenye droo, aiweke chini ya ile barua yenye muhuri.